Kuondoa nyaya, plagi na soketi kwenye picha ya ukuta wa rangi laini

Ukuta uliopakwa rangi moja hauonekani wa rangi moja hata kidogo ukishapigwa picha. Upande wa dirishani huwa mweupe zaidi, katikati hutulia, na kona ya mbali hufifia taratibu pasipo mtu kuweza kuonyesha mahali hasa mabadiliko yalipoanzia. Mfifio huo ndio unaoipa picha ya sebule au chumba cha wageni utulivu wake, na ndio unaomtesa mhariri wa picha anapotaka kuondoa soketi, plagi na waya unaoning'inia. Kufuta waya ulio mbele ya ukuta wa matofali au majani ya mgomba ni kazi ya dakika mbili, kwa sababu jicho hupotelea kwenye vurugu za matofali na majani. Kwenye ukuta laini hakuna pa kujificha: kosa dogo huonekana kama doa la maji kwenye shuka jeupe.

Chanzo cha tatizo ni kwamba katika kila sehemu ya ukuta kuna vitu viwili vilivyolaliana. Cha kwanza ni mwanga, unaobadilika polepole kutoka upande mmja hadi mwingine. Cha pili ni chembechembe: vipele vidogo vilivyoachwa na rola ya fundi rangi, pamoja na punje za kamera yenyewe, ambavyo hubadilika kutoka pikseli moja hadi nyingine. Chombo kinachonakili kipande cha ukuta hubeba vyote viwili kwa pamoja. Chembechembe zitafaa karibu popote, lakini mwanga wa kipande kile ni wa mahali kilipotoka tu.

Mfano wenye vipimo utalionyesha hilo. Soketi pacha ya matundu matatu-matatu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda ina upana wa milimita 146 na kimo cha milimita 86. Tuseme picha ina upana wa pikseli 6000, na ukuta unaoonekana ni wa mita 3. Basi soketi hiyo itachukua takriban pikseli 292 kwa 172. Tuseme tena kwamba kipimo cha rangi nyekundu, kinachohesabiwa kuanzia 0 hadi 255, ni 226 upande wa dirisha na 178 upande wa pili. Zote ni ngazi 48 zilizotandazwa kwenye pikseli 6000, yaani kwa wastani ngazi moja kila pikseli 125. Mhariri akichukua kipande kilicho pikseli 600 kulia kwa soketi na kukibandika juu yake, kiraka kitakuwa na giza la karibu ngazi tano kuliko ukuta unaokizunguka. Ngazi tano ni kidogo sana zikitazamwa peke yake, lakini zikikutana na ukingo ulionyooka juu ya uso laini, mraba mzima hujitokeza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuchota rangi kwenye mstari wenye mwanga uleule. Ikiwa ukuta unafifia kutoka kushoto kwenda kulia, kiraka kichotwe juu au chini ya kitu kinachofutwa, kamwe kisichotwe pembeni. Kwa waya mwembamba hilo mara nyingi hutosha, hasa likifanywa kwa brashi ya kuponya badala ya ile ya kunakili. Katika programu ya GIMP, ambayo hupatikana bure, brashi hizo huitwa Heal na Clone. Photoshop ilipata yake, Healing Brush, katika toleo la 7 la mwaka 2002. Brashi ya kuponya haibandiki kipande kama kilivyo. Huchukua chembechembe za kule ilikochota, kisha hulinganisha kingo za kiraka na ukuta unaokizunguka na kuisambaza tofauti hiyo polepole hadi katikati. Mwaka 2003 watafiti Patrick Pérez, Michel Gangnet na Andrew Blake walichapisha hesabu za njia ya namna hiyo kwa kutumia mlinganyo wa Poisson, na wazo hilo limeenea katika programu nyingi za picha tangu hapo.

Brashi iwe pana kidogo kuliko waya pamoja na kivuli chake. Hapa ndipo wengi hukosea. Waya wa milimita 7 katika picha ya mfano wetu ni pikseli 14 tu, lakini kivuli chake kinaweza kutanda pikseli 40 upande ulio mbali na dirisha. Waya ukifutwa na kivuli kikibaki, ukuta utakuwa na mstari wa kijivu usio na mwenyewe. Waya wenye rangi kali, kama ule wa chungwa wa kurefushia umeme, huongeza jambo jingine: hurudisha rangi yake ukutani, na ukanda mwembamba kando yake huwa na wekundu kidogo. Ukanda huo nao ni sehemu ya waya, uondoke pamoja nao.

Brashi ya kuponya ina udhaifu mmoja mkubwa. Kwa kuwa husoma kingo za kiraka, ikigusa kitu kisicho ukuta husoma hicho nacho. Waya unaposhuka hadi kwenye ubao wa chini ya ukuta au nyuma ya meza nyeusi, brashi huvuta weusi huo na kuumwaga ukutani kama moshi. Dawa yake ni kuusimamisha uponyaji pikseli kadhaa kabla ya kufika kwenye ubao, kisha sehemu iliyobaki ikamilishwe kwa brashi ya kunakili, ikichota pembeni kidogo kwa kufuata ukingo wa ubao wenyewe. Umbali huo ni mfupi kiasi kwamba tofauti ya mwanga haifikii hata ngazi moja.

Soketi ni habari nyingine. Ni pana mno kwa brashi. Mhariri akiipapasa mara thelathini, kila mguso huacha wimbi lake, na mwisho ukuta huonekana kama uliopigwa lipu na mwanafunzi. Njia iliyo salama zaidi ni kuvitenganisha vile vitu viwili: mwanga ujengwe upya kwanza, chembechembe zirudishwe baadaye.

Kazi ianze kwa kuifanya picha iwe ya biti 16, kupitia menyu ya Image. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Katika mfano wetu, eneo la soketi pamoja na nafasi ya kupumulia pande zote lina upana wa pikseli 412 hivi, na ndani yake mwanga hushuka ngazi tatu tu. Mfifio ukichorwa kwa ngazi hizo tatu, utatokea kama mikanda yenye mipaka inayoonekana, kila mmoja ukiwa na pikseli mia na kitu. Biti 16 huweka ngazi nyingi katikati ya hizo. Kubadilisha picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwa biti 8 hakurudishi kilichopotea, ila huzuia hasara mpya isiongezeke.

Baada ya hapo kichaguliwe kichukua rangi, kikiwa kimewekwa kukadiria wastani wa eneo badala ya pikseli moja, kwa kuwa pikseli moja inaweza kuwa punje tu. Rangi nne zichukuliwe nje ya kivuli cha soketi, moja kwa kila pembe. Tuseme kipimo chekundu ni 204 juu kushoto na 201 juu kulia, na chini ni 202 na 199, kwa sababu ukuta hufifia pia kuelekea sakafuni. Kwenye leya mpya mfifio ulionyooka uchorwe kutoka rangi ya juu kushoto hadi ya juu kulia, huku mstari ukianzia na kuishia palepale rangi zilipochukuliwa. Leya ya pili ichorwe hivyo hivyo kwa rangi za chini. Ya pili ipewe maski inayobadilika kutoka nyeusi juu hadi nyeupe chini, na leya hizo mbili zitayeyukiana. Mfifio mmoja peke yake ungekuwa sahihi juu na kukosea chini, au kinyume chake. Mwisho kingo za kiraka zilainishwe kwa pikseli kumi na tano hivi.

Kufikia hapo soketi imeondoka, lakini mahali pake panang'aa kama plastiki, kwa sababu ukuta wote una vipele na kiraka hakina. Chembechembe hupatikana kwa kunakili leya ya picha, kuitia nakala hiyo ukungu wa Gaussian Blur wa pikseli kama 12, kisha kuiweka katika hali ya Grain extract juu ya leya ya awali. Kinachoonekana ni kijivu kitupu chenye vipele tu, bila mwanga. Hicho kihifadhiwe kama leya mpya, kikatwe kipande kutoka sehemu safi ya ukuta, na kipande hicho kiwekwe juu ya kiraka katika hali ya Grain merge. Kipande kisigeuzwe kushoto kulia. Kila kipele kina upande wenye nuru na upande wenye kivuli, na kipande kilichogeuzwa kitaonyesha vipele vinavyoangazwa kutoka upande usio na dirisha. Mtazamaji hatajua kasoro ni nini, lakini ataiona.

Macho yaliyoitazama picha kwa saa nzima hayafai kuikagua. Njia ya kuyasaidia ni kuweka Curves zenye mteremko mkali sana kwa muda, hadi tofauti ya ngazi mbili ionekane kama ya ishirini. Ukuta halisi utaonyesha mawingu mapana yanayopishana taratibu. Kiraka kibaya kitaonyesha ukingo, pembe au duara la brashi. Kila rangi ikaguliwe peke yake, hasa ya buluu, ambayo huwa na punje nyingi zaidi. Kisha picha ipunguzwe hadi ukubwa wa kiganja, kwa kuwa madoa mapana huonekana vizuri zaidi kwa mbali. Wakati wa kurudi biti 8, unyunyizaji wa punje unaoitwa Dithering uwashwe, na picha ihifadhiwe kwa JPEG ya ubora wa 90 au zaidi; ubora wa chini huukata ukuta laini kuwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kuiharibu kazi yote.

Plagi na waya ni rahisi kuchomolewa kabla ya kamera kuwashwa, na mpiga picha mwenye busara huanzia hapo. Soketi pekee ndiyo isiyobanduka. Hata hivyo, zipo picha ambazo haifai kuifuta. Katika tangazo la nyumba ya kupangisha au kuuzwa, soketi ni sehemu ya kinacholipiwa, nayo ibaki mahali pake.