Ugomvi na mwenzako mbele ya wasaili

Msaili akikuuliza, "Tueleze siku uliyotofautiana na mfanyakazi mwenzako," hakutafutii aibu wala hataki kujua nani alikuwa mkorofi. Anataka tukio moja halisi. Mwanasaikolojia Mmarekani John Flanagan alieleza tangu 1954 namna ya kuchunguza kazi kwa kukusanya matukio mahususi ambamo mtu alifanya vizuri au vibaya, badala ya sifa anazojipa. Ndiyo sababu jibu la "mimi huwa najadiliana vizuri na wenzangu" halimpi msaili kitu cha kuandika. Jibu linalomfaa lina hali, hatua na matokeo, na uzito wake wote uko kwenye hatua.

Tuchukue mfano wa karani wa yadi ya malori huko Mpemba, mahali ambapo kila dereva anaufahamu mzani. Hali: lori la kwenda Zambia liko ndani ya tani 56, kikomo cha juu cha uzito wote kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, lakini ekseli za nyuma zimezidi kikomo chake. Msimamizi wa upakiaji anataka liondoke jioni hiyo hiyo, karani anakataa. Sentensi mbili zinatosha. Wengi hupotelea hapa, wakisimulia kiburi cha yule bwana mpaka muda unaisha, na msaili anaondoka akimjua msimamizi kuliko msailiwa. Hatua: "Nilimwita pembeni, mbali na madereva, nikamuuliza kwa nini ana haraka. Akasema mteja amempigia mara kadhaa. Nikamwonyesha karatasi ya mzani, nikapendekeza tusogeze mzigo mbele badala ya kushusha, kisha nikampigia mteja mwenyewe kumweleza." Hapo kila kitenzi kina mwenyewe. Anayesema "tulikaa tukayamaliza" ameficha kile kile alichoulizwa. Matokeo: lori lilichelewa saa mbili, likapita mzani bila faini, na tangu hapo wawili hao hupima ekseli kabla ya kufunga turubai. Ameeleza mzigo ulivyofika na uhusiano ulivyobaki. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, jibu limekatika.

Wapo watakaosema kwetu kumtaja mwenzako mbele ya wageni ni kumsema. Ni kweli, ndiyo maana humtaji jina, na sababu zake unazieleza kwa haki kama zako. Wengine watasema mpangilio huu huzaa majibu ya kukariri. Aliyekariri hutambulika msaili anapouliza, "Alikujibu nini?" Mwenye tukio la kweli hujibu papo hapo, wa kutunga hurudi kwenye maneno ya jumla. Na kama ugomvi haukuisha vizuri? Usemwe hivyo hivyo, pamoja na ulichobadilisha baadaye. Ushindi mtupu, ambamo mwenzako alikosea kila kitu, ndio jibu ninaloliamini kidogo kuliko yote.

Basi kabla ya usaili chagua tukio moja, na uandike kwanza sehemu ya hatua.