Safari Ndogo: Tasfida na Upunguzaji wa Uzito wa Jambo katika Riwaya ya Paradise

Tasfida hufafanuliwa kuwa ni matumizi ya neno la staha badala ya neno kali. Fasili hii hutosha kwa maneno ya mwili na kifo, lakini haitoshi kwa bunilizi. Katika bunilizi, swali la msingi si neno lipi limefichwa, bali ni nani anayefichwa na nani anayenufaika.

Riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi (2022), inatoa mfano ulio wazi. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anatolewa na baba yake kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni. Baba hasemi hivyo. Anamwuliza mwanawe kama angependa kwenda safari ndogo. Hapa hakuna neno la staha lililochukua nafasi ya neno kali. Kilichofanyika ni kupunguza ukubwa wa jambo. Safari ipo kweli. Udogo ndio usiokuwapo, wala kurudi hakutajwi.

Tasfida yenyewe imo katika jina la udugu ambalo Yusuf amefunzwa kumwitia Aziz. Mchambuzi anapaswa kuwa mwangalifu hapa. Katika jamii za pwani, mtoto kumwita mtu mzima kwa jina la udugu ni adabu ya kawaida, si tasfida. Matumizi hayo huwa tasfida pale tu matini yenyewe inapothibitisha kuwa yanafunika uhusiano mwingine. Uthibitisho huo unaletwa na Khalil, kijana wa dukani aliyewekwa rehani kabla ya Yusuf. Anamweleza kuwa Aziz si ndugu yake, kwamba yuko pale kwa ajili ya deni la baba yake, na kwamba amwite Seyyid. Badiliko la jina la wito linafichua uhusiano wa mdai na rehani.

Kwa hiyo, insha ya uchambuzi yenye mashiko huonyesha mambo matatu: jambo linaloepukwa, mahali matini inapolitaja waziwazi, na kinachobadilika kati ya nukta hizo mbili. Insha isiyoweza kuonyesha la pili hubaki katika kukisia, na aghalabu huita kila lugha ya heshima tasfida.

Katika Paradise, kinachobadilika ni nafasi ya baba. Maneno yake yalionekana kumkinga mtoto. Baada ya ufafanuzi wa Khalil, msomaji anayarudia na kuona kuwa yalimkinga msemaji: baba hakulazimika kutamka mbele ya mwanawe kwamba amemtoa ili deni lake lilipwe.