Wanne kwa makumi ine: tuulize wale wengine wako wapi

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama wa nyumba zetu, mara nyingi wanatuita kwenye mukutano ili mutaalamu atuonyeshe matunda ya anketi. Tuseme leo ni anketi juu ya vumbi. Mutaalamu anasema: «Tuliuliza wachimbaji 40, ni 4 tu wanakohoa kila siku. Ni 10 kwa 100, basi vumbi haisumbue sana.» Mbele ya kupiga makofi, tunyanyue mukono na tuulize maulizo matatu.

La kwanza: majina mulitosha kwenye listi gani? Kama ni listi ya wale walio kazini leo, mwenye kifua kibaya hayuko pale. Alisharudi kwao, ao walimupa kazi nyepesi inje ya mine. Wenye nguvu ndio wanabaki, na anketi inahesabu wenye kubaki tu. Tuulize pia kama posti ya usiku na watu wa sutretansi wako ndani, na nani alichagua majina: kura, ao shefu?

Listi mbaya haiponeshwi na wingi wa watu. Katika mwaka 1936, gazeti la Amerika, Literary Digest, lilipata majibu ya watu zaidi ya milioni 2 juu ya uchaguzi wa prezida. Majina mengi yalitoka kwa wenye simu na motokari. Lilisema Landon atashinda. Roosevelt ndiye alishinda, tena mbali sana.

La pili: mulichagua wangapi, na wangapi walijibu? Kama walichagua 100 na wakajibu 40, kuko 60 wasiosikilika. Labda walikuwa wagonjwa, labda waliogopa kupoteza kazi. Kama kati yao 30 wanakohoa, tunajumlisha na wale 4: ni 34 kwa 100, hapana 10. Kwa hiyo tuulize kama walirudi kuwatafuta, na kama shefu alikuwa amesimama pale wakati wa kujibu.

La tatu: hesabu yenu inaweza kuteleza mpaka wapi? Hata kura ikipigwa vizuri na wote wajibu, 4 kwa 40 inaweza kutoka kwenye mine kubwa ambamo wanaokohoa ni 3 kwa 100, ao 23 kwa 100. Wakiuliza 400 na kupata 40, nafasi inapunguka: karibu 7 mpaka 13. Na kama kati ya wale 40, wenye kutoboa mawe ni 5 tu, anketi haiwezi kusema kitu juu yao, na wao ndio wanakula vumbi zaidi.

Majibu yote matatu tuyaandike kwenye raporo ya mukutano. Kama mutaalamu hana jibu la lile la kwanza, tuandike hivi: anketi inasema juu ya wale 40 tu, haisemi juu ya mine.