Unga Kwenye Embe

Mchezo wa vikaragosi kuhusu kunawa mikono una tatizo moja gumu: vijidudu havionekani, na mtoto wa miaka mitano huamini anachokiona. Waandishi wengi huanza kwa kushona kikaragosi cha kijidudu chenye meno na sauti ya kukwaruza. Watoto hukipenda mno. Hucheka kila kikitokea, na mchezo ukiisha wanamuigiza yeye, wala si yule aliyenawa. Ndiyo maana mchezo huu mfupi wa watu wawili hauna kijidudu jukwaani. Kazi yake inafanywa na unga wa ngano.

Jukwaa ni kitenge kilichofungwa mlangoni, kwa kimo cha kumficha mtu mzima aliyepiga magoti. Mosi na Bibi ni vikaragosi vya glovu, vyenye mdomo wa kufumbuliwa kwa kidole gumba. Embe limeshonwa kwa kitambaa cha kijani kilichokoza, ili alama nyeupe ionekane hata kwa aliyekaa nyuma. Kabla ya kuanza, kiganja cha Mosi hupakwa unga kidogo.

*MOSI (sauti nyembamba, ya haraka, anaingia mbio kutoka kushoto): Shikamoo Bibi! Naomba embe!*

*BIBI (sauti nzito, ya polepole, anageuza kichwa kwanza, kisha mwili): Marahaba, mjukuu wangu. Unatoka wapi?*

*MOSI (sauti inashuka, anainamisha kichwa): Chooni.*

*BIBI: Na mikono umenawa?*

*MOSI (anawaonyesha watoto viganja upesi): Mbona ni misafi, Bibi!*

*(Anashika embe, analiachia. Alama nyeupe imebaki. Kimya. Bibi anaitazama alama, kisha anawageukia watoto.)*

*BIBI (karibu kunong'ona): Mmeona? Vijidudu ni vidogo kuliko unga huu. Macho hayavioni, lakini vimehamia kwenye embe.*

Kimya hicho ndicho huwashinda wachezaji wapya. Wanaogopa watoto watachoka, basi wanajaza maneno. Heri kumwacha Bibi atulie kabisa mpaka mtoto mmoja apaze sauti, "Ameacha uchafu!" Akisema mtoto mwenyewe, Bibi hana haja ya kuhubiri.

Ufundi wa mkono nao unahitaji mazoezi mbele ya kioo. Anayefumbua mdomo kwa kuinua vidole vinne hukitupa kichwa cha kikaragosi nyuma, kikaonekana kinasema na dari. Kinachotakiwa kushuka ni kidole gumba. Kiwiko nacho kisimame wima, maana mkono ukichoka Mosi huanza kuzama kidogo kidogo nyuma ya kitenge bila mchezaji kujua. Na kwa kuwa watoto wamekaa chini mkekani, kifundo cha mkono hupindwa mbele kidogo, macho ya kikaragosi yakutane na yao.

Baada ya hapo Mosi ananawa kwa maji matupu. Anazama nyuma ya kitenge, mchezaji anatikisa maji kwenye ndoo, kisha Mosi anaibuka na unga bado kiganjani.

*MOSI (kwa mshangao, sauti inapanda): Bibi, haujatoka!*

*BIBI: Leta sabuni. Sabuni hulegeza mafuta na uchafu unaoshikilia vijidudu, ndipo maji yanapoviondoa. Watoto, mhesabieni mpaka ishirini!*

*(Mosi anasugua juu ya kitenge, wote wakimwona: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba. Hesabu ikifika ishirini anazama. Mchezaji anapangusa unga kwa kitambaa kibichi.)*

Ishirini hapa ni sekunde 20, muda unaopendekezwa wa kusugua mikono kwa sabuni. Watoto wakishapata furaha huikimbiza hesabu, kwa hiyo Bibi huitingisha shingo yake polepole kwa kila namba ili kuwarudisha kwenye mwendo.

Nchini Kenya, katika miaka ya 1990, wasanii wa kikundi cha CHAPS walitumia vikaragosi kuzungumza na watu kuhusu Ukimwi. Kikaragosi kiliweza kutaja hadharani jambo ambalo mtu angeona haya kulitamka. Choo ni jambo la namna hiyo pia: mtoto ambaye hathubutu kukiri kwamba hakunawa humcheka Mosi aliyekiri kwa niaba yake.

Kibuyu chirizi kiwe kimeshatundikwa uani kabla ya pazia kufungwa, sabuni ikining'inia kando. Dumu la lita 5 huwatosha watoto 20 hivi, kila mmoja akitumia robo lita, kwa hiyo maji ya akiba yawe karibu. Hapo mwalimu asiwaulize wamejifunza nini, kwa sababu wote watajibu "kunawa mikono". Awaombe wanawe, atazame vidole gumba na migongo ya mikono. Wengi wakiviruka, sehemu ya Mosi kusugua ichezwe upya siku inayofuata, safari hii Bibi akisahau kidole gumba kwa makusudi ili watoto wamsahihishe.