Mdhamini huangalia nini kabla ya kulipa?

Wenye chaneli za mtandaoni wanaotafuta udhamini huanza waraka wao kwa idadi ya wafuasi. Kampuni, hata hivyo, hainunui wafuasi. Inanunua macho yatakayoiona video moja, tena katika nchi inakouza bidhaa zake.

Chukua mfano wa chaneli ya mapishi jijini Dar es Salaam yenye wafuasi 40,000. Kati ya video zake 11 za karibuni, kumi zimetazamwa mara 6,000 hivi kila moja, na moja iliyosambaa ghafla mara 90,000. Wastani unazidi 13,000, lakini hakuna video ya kawaida inayofika huko, na mdhamini ataligundua hilo baada ya kulipa. Ni salama kuzipanga kuanzia ya chini hadi ya juu na kuandika ya sita, yaani 6,000. Takwimu za YouTube pia huonyesha nchi za watazamaji. Ikiwa asilimia 70 wako Tanzania, muuza unga wa huko anapata 4,200. Kwa shilingi 50 kila mmoja, bei ni 210,000.

Kwa kazi zilizopita, andika kilichohesabika: watu wangapi walinunua kwa kutumia namba maalumu ya punguzo.

Bei nayo itaje inachohusu, video ngapi na marekebisho mangapi. Kampuni ikitaka kuirusha video hiyo katika matangazo yake yenyewe, hilo hutozwa kando, kwa muda uliotajwa.