Ekari Tano Hazitoi Viwanja Hamsini

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kigamboni na Chanika hadi Kibaha, kipimo kinachotajwa zaidi katika biashara ya ardhi ni "ishirini kwa ishirini": kiwanja cha mita 20 kila upande, yaani mita za mraba 400. Mwenye shamba la ekari tano kasoro kidogo, tuseme la mita 100 kwa 200, ana mita za mraba 20,000. Dalali hugawa kwa 400 na kumwambia ana viwanja 50. Hesabu hiyo imesahau barabara na maji ya mvua, na kusahau huko ndiko kunakozaa mitaa ambayo gari la zimamoto haliingii na nyumba ambazo kila masika hujaa maji.

Mpima ardhi na afisa mipango miji huanza na kile kisichouzwa. Kwanza hutenga njia ya watu na njia ya maji, kisha hugawa kinachobaki. Tuligawe shamba letu kwa utaratibu huo. Mbele, kwenye upande wa mita 100, lipo barabara iliyopo tayari. Kutoka hapo ardhi inashuka polepole kwa mita 200 hadi nyuma, ambako mvua ikinyesha maji hupita kwenye bonde dogo.

Bonde ndilo linaloamua mpango. Maji yatapita pale pale yalipopita siku zote, hata akijenga nani, kwa hiyo tunaacha ukanda wa mita 10 nyuma ya shamba, upana wote. Kama pangekuwa na mto, hesabu ingebadilika kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto, na mwenye shamba hili angepoteza mita za mraba 6,000 kabla ya kufikiria kiwanja cha kwanza.

Sasa barabara. Tunapitisha barabara mbili za ndani zinazoshuka kutoka mbele kuelekea bondeni, kila moja ikiwa na hifadhi ya mita 10. Katika mita hizo, sita ni za magari kupishana, mita moja kila upande ni ya mtaro, na mita moja inayobaki kila upande ni ya mabomba ya maji, nguzo za umeme na waendao kwa miguu. Kwa kuwa barabara zinafuata mteremko, mitaro yake inashuka yenyewe. Mtaro unahitaji kushuka walau nusu mita katika kila mita mia, la sivyo maji yanasimama, mchanga unatuama na mtaro unaziba. Chini, kabla ya ukanda wa bonde, barabara ya tatu ya mita 10 inaunganisha zile mbili ili gari likifika mwisho lizunguke na kurudi bila kulazimika kurudi kinyumenyume.

Ukipita kwa upana wa shamba unakuta kiwanja cha mita 20, barabara ya 10, viwanja viwili vilivyopeana mgongo vya 20 na 20, barabara ya 10, na kiwanja cha 20. Jumla ni 100, na kila kiwanja kinatazama barabara. Kwa urefu, mita 200 tukitoa 10 za ukanda wa maji na 10 za barabara ya chini zinabaki 180, zinazotosha viwanja tisa kwa kila mstari. Mistari ni minne, kwa hiyo viwanja ni 36. Barabara na maji vimechukua mita za mraba 5,600, sawa na asilimia 28 ya shamba.

Limebaki suala la kona. Pale barabara mbili zinapokutana, ncha ya kiwanja hukatwa mshazari ili dereva aone anayekuja na lori liweze kukunja. Ukikata mita tatu kwa tatu, kiwanja cha kona kinapoteza mita za mraba 4.5. Katika kila mstari vipo viwanja viwili vya kona, kimoja juu na kimoja chini, hivyo mstari mzima unapoteza mita za mraba 9. Wenye kona wakiachiwa hasara hiyo, viwanja havilingani tena. Mpima huigawa kwa wote: 3,600 kutoa 9 ni 3,591, na ukigawa kwa tisa kila kiwanja kinapata mita za mraba 399 kamili. Viwanja vya kona vinapanuliwa mbele hadi mita 20.175, na vile saba vya kati vinapunguzwa hadi mita 19.95. Vikijumlishwa vinarudi kwenye zile mita 180.

Hapo inaonekana kwamba usawa wa viwanja ni usawa wa eneo, wala si wa upana. Mpaka wa shamba ukienda mshazari jambo hili huonekana zaidi. Kiwanja chenye kina cha mita 19 upande mmoja na 17 upande wa pili kina wastani wa mita 18, na ili kipate mita za mraba 400 lazima upana wake ufike mita 22.2.

Shamba kama hili likiwa la urithi wa ndugu wanne, ni vyema kila mmoja apewe mstari mmoja badala ya kipande cha mbele au cha nyuma. Kila mmoja atapata viwanja tisa, cha kwanza kikiwa karibu na barabara kuu na cha mwisho karibu na bonde, na faida na kero zitakuwa zimegawanywa pia.

Kazi nzuri ya kwenye karatasi inaweza kuharibikia shambani. Kosa la kwanza ni kulaza futi kamba juu ya mteremko. Eneo hupimwa kwa umbali wa usawa, na penye mteremko wa mita moja kwa kila kumi, mita 20 za futi kamba ni mita 19.90 tu. Kiwanja kimoja hakitaonyesha tofauti, lakini viwanja tisa vikishapangwa mpaka utakuwa umekosewa kwa karibu mita moja. Kosa la pili ni kupima kiwanja baada ya kiwanja, kila kimoja kikianzia pale kilipoishia kingine, hivyo kosa la kila kimoja likaongezeka juu ya la mwenzake. Mpima makini hupima kila bikoni kutoka alama chache alizozithibitisha mwanzoni.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote: barabara kuachwa kwa maneno. Mwenye shamba anauza viwanja vya mbele, anaahidi njia, kisha pesa zikimwishia anauza na njia. Kinga yake ni mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na upimaji unaofuata mchoro huo, ambapo hifadhi ya barabara na ya maji huchorwa kama sehemu kamili na haiuziki.

Mnunuzi anaweza kukagua mwenyewe. Aombe mchoro na ajumlishe: viwanja 36 vya mita za mraba 399 ni 14,364, barabara pamoja na kona zilizokatwa ni 4,636, na ukanda wa maji ni 1,000. Jumla ni 20,000, sawasawa na shamba. Jumla ikipungua, kipo kipande kisicho na mwenyewe ambacho kesho kitapata mnunuzi. Ikizidi, kiwanja kimoja kimechorwa juu ya kingine au juu ya njia. Kisha aende shambani na futi kamba, apime kati ya bikoni za viwanja vinavyotazamana. Akikuta mita sita mahali ambapo mchoro unasema kumi, mtaro hauna pa kupita, na asitoe pesa mpaka bikoni zirudishwe mahali pake.