Simu ya Dharura Hupita Bila Vocha, Lakini Mahali Utaje Wewe



Jioni moja nilikuwa natoka kuwaona wakulima wa mpunga, narudi Kahama. Karibu na Buzwagi nilikuta watu wamekusanyika kando ya barabara. Pikipiki iliyobeba magunia ilikuwa imegonga mkokoteni wa ng'ombe. Kijana mwendeshaji alikuwa amelala chini, mguu umevunjika, damu inatoka.

Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Mzee mmoja alinipa kitochi chake akasema, "Bwana shamba, haina salio hata senti." Nilibonyeza 112, namba ya polisi ya dharura. Simu ikaita, ikapokelewa. Nikasema upesi, "Kuna ajali hapa mgodini Buzwagi, njooni!" Kabla sijaulizwa neno, chaji ya kile kitochi nayo ikaisha.

Gari lilikuja, lakini lilikwenda kwanza kwenye lango la mgodi. Sisi tulikuwa mbali na lango. Lilizunguka muda mrefu kabla ya kutuona. Kijana yule alipona, lakini alipoteza damu nyingi kwa sababu ya maneno yangu mabaya. Simu ilipita bila salio. Ila mahali tulipokuwa hapakujulikana.

Tuyaangalie mambo hayo mawili, moja baada ya jingine.

Kwa nini simu hupita bila salio

Ukimpigia ndugu yako, simu yako huomba njia kwenye mnara. Mitambo ya kampuni huuliza kwanza mambo mawili. Huyu ni nani? Je, analo salio? Jibu la swali la kwanza limo ndani ya kile kikadi kidogo tunachokiita laini. Jibu la pili limo katika hesabu za kampuni. Jibu lolote likikosekana, njia hufungwa.

Ukipiga 112 mambo hubadilika. Simu yenyewe inaijua namba hii. Humwambia mnara tangu mwanzo, "Hii ni dharura." Mitambo haitazami salio, maana simu hiyo haina bei. Ndiyo sababu kitochi cha yule mzee kilipita.

Na simu iliyofungwa kwa namba ya siri je? Hiyo nayo huruhusu kupiga simu ya dharura bila kuifungua. Ukimkuta mtu amezimia njiani, simu yake mwenyewe inaweza kumwokoa.

Simu isiyo na laini kabisa

Hili ni jambo gumu kidogo kuliko kukosa salio. Tulielewe vizuri.

Simu isiyo na laini haina jina. Hata hivyo, ikiwashwa husikiliza minara iliyo karibu. Ikipata mnara wowote, wa kampuni yoyote, hukaa hapo ikingoja. Kwenye kioo huandika maneno haya: "Emergency calls only". Maana yake ni kwamba simu za dharura tu ndizo zinazoweza kupigwa. Ikiandika "No service", basi hakuna mnara unaosikika. Hapo panda mahali palipoinuka ujaribu tena.

Ukibonyeza 112 katika simu hiyo, huomba njia ya dharura. Kwa kuwa haina laini, hujitambulisha kwa namba ya chombo chenyewe. Kila simu ina namba yake yenye tarakimu 15, iliyowekwa kiwandani. Ukitaka kuiona ya simu yako, bonyeza `*#06#`. Ni kama ng'ombe mwenye alama ya chapa. Alama hutambulisha ng'ombe, lakini haikuambii nani anamchunga leo.

Kuna mipaka mitatu ya kukumbuka.

Kwanza, si kila namba ya dharura hupita bila laini. Namba chache tu zimekubaliwa na dunia nzima kuwekwa ndani ya simu. 112 ni mojawapo. Namba ya zimamoto na uokoaji, 114, na ile ya kusafirisha wajawazito na watoto wachanga, 115, ni za bure kwa mwenye laini. Lakini simu isiyo na laini inaweza kuziona kuwa ni namba za kawaida na kuzikataa. Kama huna laini, bonyeza 112.

Pili, mitambo ya kampuni ndiyo inayoamua kuipokea simu isiyo na laini au kuikataa. Nchi zote hazifanani. Huko Ujerumani njia hii ilifungwa mwaka 2009, kwa sababu watu wengi walikuwa wakipiga kwa mchezo, na wasio na laini hawakuweza kujulikana. Kwa hiyo kama jirani yako ana simu yenye laini, tumia hiyo kwanza. Ile isiyo na laini ni njia ya mwisho.

Tatu, simu isiyo na laini haina namba ya kupigiwa. Ikikatika, anayekusikiliza hawezi kukupigia tena. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Linatupeleka kwenye jambo la pili.

Mnara unajua nini juu ya mahali ulipo?

Watu wengi hudhani kwamba ukipiga simu ya dharura, polisi huona hapo hapo nyumba uliyomo. Sivyo.

Tazama mnara wa simu ulio karibu na kwenu. Juu yake kuna antena zinazoelekea pande mbalimbali, mara nyingi pande tatu. Mitambo hujua ni antena ipi iliyopokea simu yako. Kwa hiyo hujua upande uliopo. Tena mitambo hupima muda ambao mawimbi yamesafiri kutoka kwako, na kwa muda huo hukadiria umbali. Katika mitambo ya simu za kitochi, umbali huo hupimwa kwa hatua kubwa. Hatua moja ni kama mita 550.

Tufanye hesabu. Tuseme umepiga simu kutoka shambani. Antena ya upande wa mashariki imekupokea. Kipimo kinasema uko umbali wa hatua 5, yaani kati ya kilomita 2 na robo tatu na kilomita 3 na zaidi kidogo. Sasa chora huo ukanda ardhini. Upana wake ni zaidi ya nusu kilomita. Urefu wake, ukiufuata kwa kuuzunguka mnara kwa upande huo mmoja, ni kama kilomita 6. Ndani ya ukanda huo kuna mashamba, nyumba, vichaka na maduara ya wachimbaji. Wewe uko mahali fulani humo. Mwokoaji ataanzia wapi usiku?

Na huo ni mnara wa karibu. Mnara mmoja wa aina hii unaweza kupokea simu kutoka hata kilomita 35. Tena simu haichagui mnara wa kijiji chako. Huchagua ule unaosikika vizuri. Unaweza kuwa Mwendakulima, simu yako ikapokelewa na mnara ulio Kahama mjini.

Jambo jingine ni hili. Habari hizo za upande na umbali zimo katika mitambo ya kampuni ya simu. Hazimfikii anayepokea simu ya dharura mpaka pawe na mtambo wa kuzipeleka kwake.

Simu kubwa za kioo zinaweza kujua mahali zilipo kwa kusikiliza setilaiti zilizo angani. Katika nchi zilizofunga mtambo wake, simu hiyo ikipiga namba ya dharura hutuma yenyewe alama ya mahali, mara nyingi kwa ujumbe mfupi. Lakini simu isiyo na laini haina njia ya kutuma ujumbe mfupi. Na kitochi hakina kabisa kifaa cha kusikiliza setilaiti.

Basi habari ya mahali iliyo ya kuaminika hapa kwetu ni ile inayotoka kinywani mwako.

Mfano wa 115

Mpango wa m-mama wa kusafirisha wajawazito ulijaribiwa kwanza Sengerema na mkoani kwetu Shinyanga. Mwezi Aprili 2022 ulizinduliwa kwa ajili ya nchi nzima. Ukipiga 115, anayepokea huuliza hali ya mama na mahali alipo. Kisha hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyekubali kazi hiyo. Dereva huyo hufuata maelezo uliyoyatoa wewe. Ukitaja kijiji kisicho chenyewe, atakwenda kijiji hicho.

Namna ya kutaja mahali

Anza na mahali, kabla hujasema kilichotokea. Simu ikikatika, angalau watajua pa kuja.

Sema kutoka kwenye kubwa kwenda kwenye dogo. Taja wilaya, kata, kijiji au mtaa, kisha kitongoji. Halafu taja kitu kisichohama ambacho mgeni anaweza kukiona: shule, zahanati, kituo cha umeme, daraja, njia panda ya lami. Mwisho sema umbali na upande kutoka kwenye kitu hicho.

Usiseme "mgodini" peke yake. Ukanda wetu, kutoka Kahama mpaka Geita, umejaa migodi na machimbo. Hata Buzwagi yenyewe si jina la mahali pamoja. Mgodi ule ulifungwa mwaka 2021, lakini watu bado huita Buzwagi eneo zima.

Jioni ile ningesema hivi: "Kahama, kata ya Mwendakulima. Tuko barabara ya lami ya kwenda Isaka. Ukitoka Kahama, pita lango la mgodi wa Buzwagi, endelea kama kilomita 2. Tuko mkono wa kushoto, kuna mkokoteni umepinduka. Mtu mmoja amevunjika mguu, anatoka damu." Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika. Kisha ningempeleka kijana mmoja barabarani na tochi.

Kwa wachimbaji nina neno moja. Mawimbi ya simu hayapenyi udongo na mwamba mwingi. Huko Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Duara likititia, mwenye kupiga simu ni yule aliye juu. Ni lazima ajue jina la eneo, duara la nani, na njia ya gari kufika pale.

Leo jioni fanya hivi. Chukua chaki au mkaa. Andika nyuma ya mlango maelezo ya kufika kwako, kutoka kata mpaka kitu kinachoonekana. Chini yake andika 112, 114 na 115. Kisha mpe mtoto wako ayasome kwa sauti, kama mtu anayepiga simu. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kusahihisha.